Safu Mbili za Solveig

Solveig Haugen, mwanafunzi msimamizi wa bweni, alikuwa amejivunia ukurasa ule. Kanuni za maadili za chuo zilijaza kitabu kizima ambacho hakuna aliyekifungua, naye alizifupisha kuwa jedwali la safu mbili, kosa na adhabu yake, akalibandika kwenye kila mlango. Pombe chumbani: mara ya kwanza onyo la maandishi, ya pili kuwekwa chini ya uangalizi, ya tatu kufukuzwa bwenini.

Jumapili asubuhi alimkuta Curtis, mkazi wa bweni lake, kwenye korido ya hospitali. Brandt, aliyeishi chumba kimoja na Curtis, alikuwa kwenye mashine ya kupumulia baada ya kunywa kupita kiasi.

“Ulimwona hazinduki, mbona hukupiga simu?”

“Nipige nifukuzwe? Mimi nina makosa mawili tayari. Nikasema alale tu, pombe zimtoke. Mpaka midomo ilipogeuka bluu.”

“Lakini Curtis, anayemwitia mlevi msaada haadhibiwi. Hata mlevi mwenyewe. Ni kanuni!”

“Kanuni ya wapi, bosi? Jedwali lako nalijua kuliko namba yangu ya simu. Halina hiyo.”

Kifungu hicho Solveig alikuwa amekisoma. Hakikuwa kosa wala adhabu, kikakosa safu ya kukaa, naye akakiacha ili ukurasa upendeze.

Mama yake Brandt alitoka wodini, macho mekundu. “Nani kati yenu alikuwa naye?”

Curtis aliinua mkono. Solveig naye akauinua wake.