Posti Yangu ya Bima

Kila asubuhi huwa naandikia kundi letu la bodaboda wa Mwanga posti fupi ya bima. Ya leo ilisema: "Bima ndogo inalipiwa kila mwaka. Inamfidia uliyemgonga, haitengenezi pikipiki yako. Ukigonga, ripoti polisi, kisha kampuni. Dereva akiwa hana leseni, kampuni itagoma kulipa."

Mchana mdogo wangu Bariki akanipigia simu kutoka Rusimbi. Alikuwa amechukua pikipiki yangu bila kuniaga, na leseni hana, mjinga yule!

"Kaka, nimemgonga mama mmoja. Hapumui."

"Umeripoti polisi?"

"Nimefuata posti yako. Mwenye leseni ni wewe, kwa hiyo nimewaambia ulikuwa unaendesha wewe, ukakimbia. Wanakuja huko."