Laki Moja Iliyokataliwa

Kinuthia wa hardware alipojifunza neno mudaraba, Emali nzima ililijua ndani ya wiki moja. Alilitamka kwenye kaunta akipima misumari. Alilitamka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, ajenda ikiwa ni choo. Na Jumapili ya shukrani akalitamka kwenye maikrofoni, amevaa ile suti ya kijivu aliyovaa akimwoza binti yake, kama mtu aliyelivumbua yeye mwenyewe.

"Siku hizi mimi ni mfadhili," aliwaambia waumini. "Mambo ya riba nimeacha. Natoa mtaji, mtu anafanya kazi, tunagawana faida."

Waumini walipiga makofi. Wale waliowahi kukopa simiti kwake walipiga polepole.

Neno lenyewe alilitoa kwa Mama Shukri, mwenye duka la nafaka la jumla upande wa msikiti. Kwa miaka miwili Mama Shukri alikuwa akimpa pesa Kavindu, mama kijana kutoka Mbooni mwenye mtoto mmoja, anunue mazao kwa wakulima na kuyauza. Mtaji wote ulikuwa wa Mama Shukri, kazi yote ya Kavindu, na faida waliigawa sitini kwa arubaini. Mwaka wa kwanza vitunguu vilioza vyote baada ya mvua ya wiki nzima. Mama Shukri akapoteza pesa, Kavindu akapoteza jasho lake, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu.

Kinuthia alicheka sana siku hiyo. "Huyo mama ni wa kuombewa," alisema. "Pesa iende, na aliyeenda nayo aulizwe tu habari ya asubuhi?"

Lakini misimu iliyofuata faida ilikuja, tena nzuri, na kicheko kikaisha. Kavindu akaweka akiba mpaka ikafika laki moja. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake: kibanda cha mabati sokoni, chenye mlango na kufuli, ili Mwende, binti yake wa miaka miwili, aache kulala juu ya magunia akipiga chafya za vumbi la ndengu. Kavindu alikuwa ameshachagua hata rangi ya mlango.

Mwezi wa kwanza, ndengu zikiwa zinavunwa kule Kitui, pesa za Mama Shukri zilikuwa zote zimeingia kwenye biashara ya ng'ombe. Kinuthia akaona mlango umefunguka. Akamwita Kavindu, na kwa kuwa alitaka jambo lifanywe kwa njia yake halisi, wakaenda kuandikiana dukani kwa Mama Shukri, mbele ya mashahidi wawili.

"Naweka laki tatu," Kinuthia alisema, akikaa kwenye gunia la mchele kama kiti cha bwana harusi. "Mama Mwende atafanya kazi. Mimi kila mwezi nachukua elfu kumi na tano, kisha ikibaki faida tunagawana."

"Na isipopatikana faida, hiyo elfu kumi na tano itatoka wapi?" Mama Shukri aliuliza.

"Atajua yeye."

"Basi huo ni mkopo, Mzee. Umeuvalisha kanzu tu. Kwa mudaraba hujiwekei pesa ya uhakika. Mnapatana sehemu ya faida, na faida isipokuwepo, sehemu yako ni hewa."

Kinuthia akakohoa. Neno alikuwa ameshalitangaza kanisani, na kurudi nyuma ilikuwa aibu.

Kavindu akasema, "Mimi nina laki moja, Mzee. Naweza kuiweka juu ya laki tatu zako, tuwe na nne."

"Hapo itakuwa musharaka," Mama Shukri alieleza. "Wote wawili mna mtaji. Faida mtagawana vile mtapatana, hata nusu kwa nusu, kwa sababu yeye pia anafanya kazi. Lakini hasara hampatani. Hasara inafuata mtaji. Wewe umeweka robo tatu, unabeba robo tatu. Yeye robo, anabeba robo."

Kinuthia alifikiria kwa sauti, na hilo lilikuwa kosa. "Nusu ya faida iende kwa mtu wa laki moja? Hapana. Hiyo pesa yako, Mama Mwende, nunulia mtoto viatu. Itanichafulia hesabu. Mtaji uwe wangu wote, faida sabini yangu, thelathini yako."

"Na hasara?" Mama Shukri alimuuliza.

"Tunaongea mambo ya baraka hapa, Mama. Usituletee hasara."

"Nakuuliza mbele ya mashahidi."

"Yangu, yangu," alisema Kinuthia, akipunga mkono kama anafukuza nzi. "Lakini naweka sharti. Ndengu zisiuzwe chini ya mia na arubaini kwa kilo bila ruhusa yangu. Mimi ni mtu wa biashara. Sitaki mtu aniuzie mali kwa hofu."

Wakaandika hivyo. Kavindu alirudi nyumbani na laki moja yake, na kwa kweli alikuwa ameumia kidogo. Mtu akikuambia pesa yako ni ya viatu, unaikumbuka hiyo sentensi hata ukifua.

Alienda Zombe, huko Kitui, Mwende mgongoni, akazunguka kwa wakulima akinunua gunia moja hapa, mawili pale, kwa shilingi mia kwa kilo. Alipepeta, akaanika, akatia dawa ya fukusi. Magunia thelathini ya kilo tisini yakafika Emali, yakawekwa stoo. Bei ya mali, usafiri, magunia na kodi ya stoo vilimaliza laki tatu. Mshahara hakujilipa, maana mudaraba haina mshahara. Chake kilikuwa kwenye ile thelathini, ikija.

Mwezi wa tatu akaja mnunuzi mwenye lori, akatoa mia na ishirini na tano kwa magunia yote, pesa mkononi. Kavindu akapiga hesabu haraka. Faida ingekuwa kama elfu thelathini na saba. Akampigia Kinuthia, asishike, akamtumia ujumbe. Jibu likaja kwa sauti, ya dakika tatu, na nyuma yake mtu alikuwa akisaga chuma.

"Mama Mwende, wewe uko na roho ya umaskini. Tuliandika mia na arubaini. Mwambie huyo mtu wa lori aende na Mungu. Mimi nimeona mambo haya kabla hujazaliwa. Shikilia."

Kavindu akashikilia. Mtu wa lori akaenda na Mungu na ndengu za mtu mwingine.

Mwezi wa nne ndengu za kutoka nje zikajaa sokoni, bei ikaanguka mpaka tisini. Kavindu akapiga simu. "Shikilia," Kinuthia akasema. Ikafika themanini. "Itapanda. Shikilia." Mwezi wa tano ilipogonga sabini na tano, na fukusi wakiwa wameanza kubisha hodi, Kinuthia akatoa ruhusa kwa neno moja: "Uza." Wakapata laki mbili na elfu mbili na mia tano. Zaidi ya elfu tisini na saba zilikuwa zimeyeyuka.

Walikutana tena dukani kwa Mama Shukri. Kinuthia hakukaa kwenye gunia. Alikuja na Mulwa, mzee mwenzake wa kanisa, aliyeletwa kama jaji lakini akaonekana kuvutiwa zaidi na tende zilizokuwa kaunta.

"Nimekaa, nimeomba, nimepata jibu," Kinuthia alianza. "Mama Mwende, unakumbuka ile laki moja yako uliyotaka kuweka?"

"Ile ya viatu?"

"Ile. Sasa nimekubali. Iweke."

Hata Mulwa aliacha tende.

"Niiweke wapi, Mzee?" Kavindu aliuliza. "Ndengu zimekwisha."

"Kwa hasara. Wewe ulikuwa na moyo wa kushirikiana, ni mimi nilikuzuia. Sasa sikuzuii. Hasara ni kama laki moja, yako ni laki moja. Unaona vile Mungu anapanga?"

Kibanda, mlango, kufuli, vyote vilikuwa kwenye simu ya Kavindu, kidole kimoja tu kuvituma kwa mtu huyu mwenye miaka na heshima kanisani. Alikuwa mtu wa kuheshimu wazee. Mwende alikuwa amelala mapajani pake, mdomo wazi.

"Mzee," alisema taratibu, "faida ingekuwepo, ungeniita niweke laki moja yangu nichukue nusu?"

Kinuthia akamgeukia Mama Shukri, mfadhili kwa mfadhili. "Mama, wewe unaelewa uchungu wa mwenye pesa. Mwambie."

"Naelewa sana. Vitunguu vyangu vilioza. Ulinisikia nikilia kwako?" Mama Shukri alivuta kiti. "Sikiliza. Angekula pesa, ningemshika mimi mwenyewe. Angeuza kwa bei uliyokataza, angelipa yeye. Angeacha ndengu zinyeshewe kwa uzembe, angelipa. Amefanya hata moja?"

"Alishikilia sana."

"Nani alisema ashikilie?"

Kavindu akatoa simu, akaicheza ile sauti. Dakika tatu zote. Walipofika pale pa roho ya umaskini, Mulwa alikohoa akaangalia dari.

"Yeye hajapoteza kitu," Kinuthia alinung'unika.

"Amepoteza miezi mitano," Mama Shukri akasema. "Hakuna wa kumlipa, na hajaomba. Hiyo ndiyo hasara ya anayefanya kazi. Yako ni ya mwenye mtaji. Ungekubali laki yake, robo ya hasara ingekuwa yake, na hakuna mtu hapa angebisha. Uliogopa kugawa faida ukabaki na hasara peke yako."

"Mzee mwenzangu," Mulwa alisema hatimaye, akifuta vidole, "wewe si ulitangaza kanisani umeacha riba?"

"Nimeacha."

"Basi acha na hii."

Kinuthia akazichukua laki mbili na elfu mbili na mia tano, akazihesabu mara mbili, akaondoka. Jumapili hiyo hakushika maikrofoni.

Kibanda kilijengwa mwezi wa saba, mlango wa rangi ya kijani. Pesa iliyobaki Kavindu aliiongeza kwa kuuza mbegu na maharagwe hapo hapo, na msimu ulipokaribia akaweka elfu themanini, Mama Shukri akaweka laki mbili na arubaini, musharaka. Faida nusu kwa nusu, hasara robo kwa robo tatu. Safari hii hata yeye angeweza kupoteza pesa, na hilo lilimtia hofu na kumfurahisha pia.

Siku mbili kabla ya safari ya Zombe, Kinuthia akafika kibandani. Akasifu mlango. Akampa Mwende peremende.

"Nimetafakari, Mama Mwende. Mimi nilikosea upande. Kwa mudaraba, mwenye pesa ndiye hupoteza pesa, siyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na anayefanya kazi hapotezi."

"Pesa hapotezi."

"Basi nyinyi wawili wekeni mtaji, mimi niwe wa kazi. Mnipe thelathini ya faida."

Kavindu alimtazama, kiatu chake kilichong'arishwa, kitambi chake kilichotulia. "Nitamuuliza Mama Shukri. Kwangu hakuna shida. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mkulima wa kwanza hana barabara, kwa hivyo gunia unatoa shambani kwa mgongo mpaka kwa gari. Mshahara hakuna."

"Mgongo wa nani?"

"Wa mwenye kazi, Mzee."

Kinuthia aliahidi kufika. Asubuhi hiyo, dereva akiwa ameshawasha gari, simu ya Kavindu ikalia kwenye shuka la Mwende. Ilikuwa sauti ya Kinuthia tena, ya dakika tatu. Kavindu alisikiliza mwanzo tu, mpaka Kinuthia alipofika kwenye maumivu ya kiuno, akaifunga, akamwambia dereva waende.