Aya ya Thelathini na Moja

Rumaisa, wakili kijana katika ofisi moja ya sheria mtaani Mkomani, aliandika uhakiki kabla ya muhtasari, maana hasira haikumpa nafasi ya kufuata utaratibu. Jarida la mawakili wa pwani lilikuwa limemwomba maelezo mafupi ya uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya kina mama wa kisiwa cha Kiwayu: muhtasari, uhakiki na umuhimu wake, kurasa mbili tu. Ukurasa mzima ulikuwa umeshajaa, na jaji alikuwa hajaachiwa pa kukanyaga.

Na kwa nini asikasirike? Kamati ya vibali vya ufuo ilifuta kibali cha kina mama hao cha kuanika samaki, ili mwenye hoteli mmoja apate ufuo wazi. Haikuwaita wala haikuwasikiliza. Barua ya kufuta, ya tarehe tisa Januari, ilibandikwa ubaoni Mokowe, bara. Ilitoa siku kumi na tano za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa, lakini habari ilifika Kiwayu tarehe mosi Februari. Wakaja mahakamani kuomba mapitio, uamuzi ule ubatilishwe. Jaji akayatupa nje maombi yao bila kugusa kiini: mngeanza kwenye baraza, alisema. Baraza gani, na muda ulikwisha kabla hawajaiona barua? Ilikuwa dhuluma, na Rumaisa aliiita kwa jina lake.

"Hapo umemkomesha!" alisema Bwana Shekhan, mwenye ofisi hiyo, ambaye ndiye aliyesimama mahakamani kuwatetea kina mama. "Usipunguze hata nukta. Peleka leo."

Lakini Bi Kadija, kiongozi wa kina mama, alikuwa amevuka kutoka Kiwayu asubuhi hiyo, naye alitaka kusomewa kabla hayajapelekwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Maneno matamu," alisema. "Ila mwanangu, umenambia yeye alivyokosa. Hukunambia alivyosema."

Rumaisa aliona haya. Muhtasari ulikuwa bado. Akaufungua uamuzi, akaanza kumfasiria aya moja moja, kwa sauti. Alipofika aya ya thelathini na moja, aliisoma mara mbili. Jaji alikuwa ameandika kwamba sheria ya utendaji wa haki wa kiutawala inairuhusu mahakama kumsamehe mtu sharti la kuanza kwenye baraza, pakiwa na sababu za kipekee, iwapo mwenyewe ataomba. "Waombaji hawa hawakuomba."

"Siswi hatukuomba?" Bi Kadija aliuliza.

Rumaisa alilivuta faili. Maombi yalichapwa na yeye mwenyewe, akiyanakili kutoka faili la zamani ambalo ofisi nzima huliita mama, na ambamo maombi ya kila kesi ya mapitio hutolewa. Lilikuwa la mwaka 2011. Sheria hiyo ilitungwa 2015. Ombi la kusamehewa halikuwamo.

"Hakuomba mtu, Bi Kadija. Mimi niliyeandika, sikuomba."

"Hilo ni jambo la kiufundi," Bwana Shekhan alidakia. "Jaji angeweza kuona mwenyewe. Rumaisa, nikuulize, unataka jina la ofisi hii lipakwe matope jaridani?"

"Nyamaza, Bwana Shekhan!" Bi Kadija alisimama, buibui likamteleza begani. "Mwezi mzima namlaani mtu wa watu kwa yambo mlilosahau nyinyi! Vitanga vyetu vya kuanikia samaki vimevunjwa, watu wala kwa kukopa, na wewe wakumbuka jina?"

Rumaisa alirudi kwenye uamuzi, maana machozi yalimjaa na hakutaka yaonekane. Aliusoma mstari wa mwisho, ule aliouruka kwa ghadhabu. Maombi yametupwa nje. Hayakukataliwa baada ya kusikilizwa. Basi kiini bado hakijaamuliwa na mtu, na mlango haujafungwa. Amri ya kubatilisha huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulalamikiwao. Kuanzia tarehe tisa Januari. Alitazama kalenda ukutani: leo tarehe thelathini Juni.

"Tuna siku tisa," alisema. "Tunaweza kurudi, safari hii tukiomba kusamehewa, na ile barua ya Mokowe ndiyo sababu yetu."

Bwana Shekhan alizihesabu siku hizo kwenye kalenda kwa kidole. Kama maelezo yale yangepelekwa asubuhi, wote watatu wangekuwa wanaendelea kumtukana jaji tarehe kumi Julai, mlango umeshafungwa.

Rumaisa aliufuta ukurasa, akaanza upya. Kamati hakuisamehe, na jaji alimlaumu kwa kutouliza hata swali moja kuhusu ubao wa Mokowe. Lakini chini ya umuhimu aliandika: ombi la kusamehewa lisipowekwa, haki iliyo wazi hutupwa nje; katika kesi hii halikuwekwa, na aliyeandika maombi ni mwandishi wa maelezo haya.

"Umetia jina lako?" aliuliza Bi Kadija.

"Nimetia."

"Basi niandikie hayo maombi mapya. Siondoki hapa mpaka nione umeomba."