Sauti Iliyoshika Kamera

Mkasi alizima wimbo kwa hasira, na hapo ndipo tuliposikia sauti ya yule mama.

Mkasi ni mwenye studio na ndiye anayekata na kuunganisha picha za video. Studio yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda mchana kutwa mpaka unahisi kuta zimepakwa asubuhi hiyohiyo. Tulikuwa tunatengeneza video fupi ya manispaa. Bwawa la kuogelea la umma, lililofungwa tangu nikiwa mdogo, lingefunguliwa tena Jumamosi, na video ingewekwa mtandaoni na kuonyeshwa kwenye televisheni. Kazi yangu, ya kwanza tangu nimalize chuo, ilikuwa kuhakikisha kila picha na kila sauti iliyomo ina ruhusa ya mwenyewe. Kwa hiyo Mkasi aliniita Vibali.

Alikuwa ameweka wimbo mmoja maarufu wa redioni chini ya picha, ili tu apate mdundo wa kukatia. Kosa likawa kumwonyesha afisa wa manispaa kabla ya kuutoa. Afisa akaupenda, akasema bila huo hataki. Nikaanza kuuhangaikia. Wimbo mmoja una milango miwili: kuna aliyeutunga, na kuna anayemiliki ile rekodi tunayoisikia. Familia ya mtunzi ilikubali bila kuvuta muda. Kampuni yenye rekodi ikajibu kwa heshima kwamba wimbo umeshafungwa kwenye tangazo la sabuni, hautolewi kwa mwingine.

"Haya, kwaheri mpenzi," Mkasi akauambia wimbo. "Nenda ukafue."

Akauzima. Picha zikabaki zinatembea: bwawa la zamani kutoka kwenye mkanda wa video uliokutwa kabatini pale bwawani. Maji ya buluu iliyofifia. Jua likiandika mistari juu yake na kuifuta. Na chini ya wimbo uliozimwa kulikuwa na sauti ya mkanda wenyewe, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikiliza. Mwanamke alikuwa akiimba taratibu, karibu sana na kamera, kama mtu anayekanda mgongo wa mtoto. *Maji yanakushika, nami nakushika, lala juu yake, usiogope kitu.* Kisha msichana mdogo akaelea kuingia kwenye picha, chali, macho yamefumbwa, nywele zimetandazika majini. Ghafla akafumbua macho, akaitazama kamera, akacheka.

Mkasi aliondoa mkono kwenye kipanya. Mkanda ulipofika mwisho, chumba kikawa kama kimejaa maji hadi dirishani.

"Huu ndio wimbo," akasema.

"Wa nani?"

"We Vibali, nawe! Si umesikia mama anaimba? Wa mama."

Nilimtumia afisa kipande hicho, akakipenda kuliko ule wimbo; nikampigia kuuliza ruhusa. "Mkanda ni wetu, binti," akasema. "Umekutwa kwenye kabati letu."

"Kabati lenu, ndiyo, mheshimiwa. Lakini aliyepiga picha ni nani? Mlimwajiri apige picha?"

Kisha akacheka kidogo. "Kumbe chuo kinafundisha na kubishana. Mtafute basi. Ukimkosa hadi Alhamisi, tunaweka ngoma yoyote na picha za maji za kununua."

Nilikwenda bwawani. Mafundi walikuwa wanajaza maji, na bomba lilinguruma kama mnyama aliyeshiba. Kocha, aliyewafundisha watoto kuogelea miaka ile na sasa amerudishwa kazini, alikuwa ameketi ukingoni na suruali imekunjwa hadi magotini. Nilimwonyesha mkanda kwenye simu. Mwishoni kabisa kamera inapita mbele ya kioo cha kibanda cha tiketi, na ndani ya kioo unamwona aliyeishika, kivuli chenye sare na jicho moja jeusi, la kamera.

"Huyo Mama Tiketi!" Kocha akapiga paja. "Bwana wee! Kamera alipewa na kaka yake. Muda wa chakula sisi tunakula, yeye anapiga picha. Tulikuwa tunamwambia, mama, utapiga picha hata mkate wako."

"Na msichana?"

"Bintiye. Aliogopa maji huyo, usiombe. Mama yake ndiye alimwimbia mpaka akaelea."

Kwa hiyo alikuwa mkata tiketi, kamera ilikuwa yake, na saa ilikuwa yake ya mapumziko. Picha zilikuwa zake. Na kama wimbo aliutunga mwenyewe, basi wimbo na sauti pia vilikuwa vyake. Milango yote ilikuwa ya mtu mmoja.

Kocha alinielekeza kwenye duka dogo la miwani analoendesha Mama Tiketi siku hizi. Niliingia nikajiona nimegawanyika kwenye vioo pande zote, na katikati ya vioo hivyo mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine utosini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya kusomea au ya kuonea mbali?"

Nilimpa simu. Alitazama bila kupumua. Sauti yake ya ujana ilianza kuimba pale kati ya vioo, naye akaanza kuifuata kwa midomo, bila sauti. Msichana alipocheka, akaishusha simu juu ya meza polepole, kama inaweza kumwagika.

"Walitufungia geti asubuhi moja tu," akasema. "Hata kikombe changu cha chai kilibaki mle. Nilidhani mkanda wameutupa."

"Wimbo ni wa zamani? Uliusikia mahali?"

"Niusikie wapi! Mtoto alikuwa anatetemeka kama jani, ningemwimbia wimbo wa taifa? Niliutunga palepale, tumo majini."

Nilimweleza ninachoomba: tutumie picha zake, wimbo wake na sauti yake kwenye video hii tu, mtandaoni, kwenye televisheni na pale bwawani, na vitabaki kuwa mali yake. Nilimwambia kuna malipo, na kwamba hata akikataa nitamletea nakala safi ya mkanda. Alivaa miwani ya utosini juu ya ile ya machoni, akasoma kibali mstari kwa mstari, akachukua kalamu.

"Na huyu mtoto," nikasema, "yuko wapi sasa?"

Kalamu ikasimama.

"Ni mtu mzima. Mji mwingine."

"Itabidi naye akubali. Uso ni wake."

"Nimemtoa tumboni mwangu. Nimwekee sahihi mimi, yaishe."

"Angekuwa bado mdogo, sawa, mama. Sasa ni mkubwa, atasema mwenyewe."

Aliinama akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi. Akaniambia huku anafuta. Bintiye alipopata mimba ya kwanza, alimtumia mama yake picha ya tumbo. Mama alifurahi mno. Akaituma kwa ukoo mzima bila kuuliza, kabla binti hajamwambia hata bosi wake. Kisha mimba ikaharibika, na ukoo mzima ukampigia simu, mmoja baada ya mwingine, wengine kumpongeza, wengine kumpa pole. Tangu hapo binti hapokei simu ya mama yake. Hutuma ujumbe tu. *Nipo salama. Na wewe?*

"Akisikia nimemweka kwenye televisheni…" Hakumaliza. "Mwanangu, mpigie wewe. Wewe una maneno ya chuo."

Ningeweza. Ingekuwa rahisi, na Alhamisi ilikuwa kesho. Lakini nilitazama vioo, na katika kila kioo alikuwa mama huyohuyo anafuta lenzi safi.

"Mama," nikasema, "amewahi kukusikia ukimuuliza?"

Kisha akavua miwani yote miwili, akashika simu yake, akabonyeza kitufe cha ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, ni mama. Kuna mkanda umepatikana, wa…" Akaufuta. Akaanza tena. "Wewe mtoto, hupokei simu, basi sikiliza…" Akaufuta. "Unaona? Kinywa changu kinaamrisha tu." Nilimtumia kipande cha mkanda kwenye simu yake, nikatoka nje nikasimama barazani, nikaangalia watu wanapita wakiwa na vivuli virefu. Kupitia mlangoni nilimsikia kwa mbali, sauti ileile ya majini: "Mwanangu, kuna picha zako ukiwa mdogo, unaelea. Nimekutumia. Wanataka kuzionyesha kwa watu. Nakuuliza. Ukisema hapana, ni hapana, na sitamwambia mtu, na sitakasirika. Nakuuliza tu."

Jibu halikuja. Nilirudi studio mikono mitupu.

"Tuweke," Mkasi akasema. "Kale katoto! Nani atakatambua leo?"

"Mwenyewe."

"Unanitia wazimu, Vibali."

"Najua, kaka."

Alinung'unika, lakini hakukigusa kipande kile. Alhamisi mchana, afisa akiwa amekwisha kupiga simu kuuliza kuhusu zile picha za kununua, Mama Tiketi akapanda ngazi zetu akihema, simu mbele yake kama taa.

"Amenipigia," akasema. "*Yeye* amenipigia."

Tukamkalisha. Akasema walizungumza mpaka chaji ikaisha, akaenda kuomba umeme kwa jirani. Kwanza binti alilia tu, na mama naye hakumwambia nyamaza. Kisha binti akamwomba amwimbie.

"Na kuhusu picha?" Mkasi akauliza, akijaribu kuuliza polepole.

"Amesema hapana."

Nilimwona Mkasi akifumba macho.

"Uso, hapana. Hataki kuwa kwenye simu za watu, zamu hii hapana. Akaniuliza, mama, umesikia? Nikamwambia nimesikia. Akauliza tena, umekubali? Nikamwambia nimekubali. Akacheka." Mama Tiketi alitabasamu, machozi yamejaa miwanini. "Akasema kile kicheko cha mkandani, hicho sawa. Hicho mnaweza kukitumia. Sikiliza mwenyewe, amekurekodia."

Nilisikiliza, binti akarudia kwa maneno yake: uso hapana, kicheko ndiyo. Nilimtumia kibali kinachosema hivyohivyo, akakirudisha na sahihi; Mama Tiketi naye akatia sahihi kibali chake. Mkasi alikuwa amekwisha kugeukia mashine. Alirudisha mkanda mpaka kabla msichana hajaingia, pale ambapo ni maji matupu na jua linaandika na kufuta. Akavuta picha hiyo mpaka mwisho. Sauti ya mama ikaimba juu yake, *maji yanakushika*, na pale ambapo uso ungetokea, hapakutokea kitu. Maji yalitikisika kidogo pembeni. Kisha, kutoka mahali tusipopaona, kicheko.

"Ee Mungu," Mkasi akasema kwa sauti ndogo. "Sasa kila mtu atamwona mtoto wake."

Tulifika kwenye majina yanayopita mwishoni mwa video. Nilimuuliza Mama Tiketi tuandike vipi. Alifikiri, akapeleka mkono utosini kutafuta miwani iliyokuwa machoni.

"Andika, picha, wimbo na sauti: mkata tiketi."

"Na kicheko?"

"Ngoja," akasema, akichukua simu. "Nimuulize."