Shuka Lililongoja Nyumba

Fundi na Dobi walipokubaliana kuoana, watu wengi walicheka, lakini kicheko cha kupenda. Wote wawili walikuwa wamefiwa zamani, na wajukuu wao walikuwa wameshaota meno. Fundi alishona mashuka, foronya na mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Dobi alifua nguo za nyumba mbili za kulala wageni, mtaa wa pili, uani kwake, na nyumba aliyoishi ilikuwa yake mwenyewe. Walijuana kwa mashuka. Yakichanika kule, Dobi aliyakunja, akayaleta kwa Fundi yatiwe viraka, akasubiri amekaa kwenye kigoda. Siku moja Fundi aligundua kwamba mengine hayakuwa yamechanika kabisa. Dobi alikuja nayo tu.

Waligawana mambo yote bila neno: nani atahamia kwa nani, jiko lipi libaki, cherehani ikae dirisha gani. Wakakwama kwenye kitu kimoja. Kitandani watandike nini?

Dobi alikuja na mashuka yake mikononi, akayaweka juu ya meza ya kukatia.

"Haya ndiyo nimelalia miaka yote," akasema. "Shika uone. Laini kama shavu la mtoto."

Fundi akashika, akalinyanyua moja mbele ya dirisha. Katikati mwanga ulipita wote, pembeni ukapita nusu.

"Dobi, hili ni shuka au ni uji?"

"Ni laini."

"Ni laini kwa sababu limekwisha." Akachomoa uzi kwenye pindo, akaufumua kwa kucha hadi ukawa manyoya. "Angalia. Vipande vifupi vifupi. Hii ni pamba iliyochambuliwa tu. Imepitishwa kwenye meno ya waya, ikafumuka, taka zikatoka, basi, ikasokotwa na vifupi vyake vyote. Ndiyo maana siku ya kwanza inajaa mkononi, ina joto, unaipenda. Lakini vile vifupi havina pa kujishikia. Ukifua vinatoka, ukijigeuza kitandani vinatoka. Wewe mwenyewe kila siku unavizoa kwenye mtaro wako."

Dobi akacheka. Kweli kila jioni alitoa kwenye mtaro wa uani matonge ya manyoya ya kijivu, mazito kama kitu kilichokuwa hai.

"Basi nina haya mengine," akasema. Yalikuwa mashuka meupe ambayo nyumba moja ya wageni iliyaachia ilipobadilisha yake. "Haya nimeyafua mimi tangu yanunuliwe. Mpaka leo hayajatoa vinundu vya manyoya."

Fundi akayapitishia kiganja, mara moja kwenda, mara moja kurudi, kama anayempapasa paka. "Haya ni ya pamba iliyochanwa, kama nywele. Baada ya kuchambuliwa, pamba imepitishwa kwenye kitana, vifupi na vifundo vikaondolewa, ndefu zikalazwa upande mmoja. Uzi unatoka sawasawa. Haya tutayatandika chini."

"Na juu?"

Macho ya Fundi yakaenda kwenye kabati.

Dobi alijua kilichokuwa ndani, kwa kuwa mtaa mzima ulijua. Fundi alikuwa na shuka moja na foronya mbili za pamba ya nyuzi ndefu. Hiyo ni mbegu nyingine kabisa, yenye manyoya marefu tangu shambani, tena nayo ikachanwa. Wateja walipouliza ipi bora, aliwaambia: ile ndefu haitakupa ulaini siku ya kwanza, itakuwa baridi na ngumu kidogo, kama mgeni asiyezoea watu. Lakini uzi wake ni mwembamba na una nguvu, na kila ukiifua inakulegezea moyo. Mtarithisha. Hivyo ndivyo alivyowaambia, na wakanunua.

Lile la kabatini hakuwahi kulilalia. Mume wake wa kwanza, dereva wa lori, alimletea wakiwa maharusi. Wakiwa kwenye chumba kimoja chenye ukuta unaovuja, akasema: "Tusilitandike humu. Lingoje nyumba yetu." Nyumba haikupatikana. Mume alikufa, na shuka likaendelea kungoja, limetiwa wanga, limepigwa pasi na kukunjwa kwa mikunjo ile ile.

"Lile bado," Fundi akasema.

"Bado nini?"

"Bado tu, Dobi."

Dobi alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilipanda. "Kumbe. Mimi nilale kwenye shuka la wageni, na la mume wako ulifungie kwa ufunguo."

Mara tu neno hilo lilipomtoka akatamani kulirudisha. Fundi aliyakunja mashuka yote ya Dobi, kwa utulivu kabisa, akampa. "Chukua mizigo yako," akasema. "Nina mapazia ya watu hapa."

Siku zilizofuata Dobi hakuja. Mashuka yaliyochanika yalirundikana uani kwake, na kila aliposema moyoni ayapeleke, miguu ilikataa. Fundi naye alishona mapazia kisha akayafumua, kwa sababu pindo lilikwenda upande. Dada yake mkubwa alipopita kumsalimia, alimkuta anafumua kwa mara nyingine.

"Kimekupata nini, mdogo wangu?"

Fundi akamweleza. Dada alikaa, akavua kiatu kilichokuwa kinambana, akajikanda mguu.

"Kwani alikuomba roho yako? Ameomba shuka."

"Si shuka tu, dada."

"Najua si shuka tu. Lakini hebu litoe tulione. Tangu umelifungia hata mimi sijaliona, na mimi ndiye niliyekubebea sanduku siku ulipohama kwa mama."

Fundi akafungua kabati. Alipolikunjua juu ya meza, wote wawili wakainama kutazama. Katikati ya weupe ilipita mistari ya rangi ya kutu, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, kila mahali palipokuwa na mkunjo. Harufu ya wanga uliochacha ikapanda. Fundi akaushika mstari wa katikati kwa vidole viwili, akavuta kidogo tu, kama alivyovuta vitambaa vya watu maisha yake yote. Ukachanika, bila hata sauti ya kueleweka.

Akaketi. Hakulia. Alibaki akitazama vidole vyake.

"Nimewaambia watu inadumu," akasema.

"Pole, mdogo wangu," dada akasema.

Asubuhi yake Fundi alilifunga shuka ndani ya taulo, akaenda nalo mtaa wa pili. Dobi alikuwa anasuuza. Alipomwona alisimama, mikono inachuruzika, akakosa pa kuiweka.

"Fundi, yale maneno yangu ya juzi…"

"Kwanza tazama mgonjwa," Fundi akasema, akalifungua taulo.

Dobi akajifuta mikono vizuri kabla ya kugusa. Aliinama, akanusa, akakwaruza wanga kwa ukucha, akaupapasa mkunjo mmoja bila kuuvuta.

"Wanga," akasema. "Ukikaa miaka unakuwa mgumu, na unyevu wa kabati ukiingia, unakula pale pale palipokunjwa. Pamba yenyewe haina kosa. Ungeitoa na kuikunja upya kila baada ya muda, isingefika hapa. Au ungeilalia."

"Nimeshajua, Dobi. Usinisute."

"Sikusuti. Nakueleza nifanye nini." Akajaza beseni pana maji ya vuguvugu, akatia sabuni kidogo, ile anayofulia nguo za vichanga. "Kwenye mashine haliingii. Na tukilitoa tusilining'inize, maji yenyewe yana uzito, yatalichana. Pamba nzima ikilowa inaongezeka nguvu, lakini iliyokwisha kufa haina cha kuongeza."

Wakalizamisha pamoja, wakalikandamiza polepole kwa viganja. Maji yakageuka rangi ya chai. Wakamwaga, wakajaza mengine, nayo yakageuka. Waliendelea hivyo huku jua likiingia uani na nguo za kambani zikianza kukauka, na wala hakuna aliyekuwa na haraka. Katikati ya maji ya tatu au ya nne, Fundi akaanza kusema. Akasema habari za chumba kinachovuja, za lori, za nyumba iliyokuwa inangojewa.

"Nilipolifungia sikuwa namfungia yeye," akasema. "Nilifungia ile nyumba. Nikilitandika ni kama nasema basi, haiji."

Dobi aliendelea kulikandamiza shuka, mikono yake ndani ya maji.

"Nilimwonea wivu mtu ambaye hawezi kunijibu," akasema. "Nisamehe. Alinunua shuka zuri. Mimi nisingejua kuchagua, ningekuletea lile la uji."

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamrushia povu kifuani.

Walilitoa kwa kulibeba juu ya chandarua cha zamani, mmoja huku mmoja kule, wakalilaza kwenye kivuli. Lilipokauka, ile mistari ilikuwa imefifia kuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mkunjo wa katikati ulikuwa umeachia kutoka juu hadi chini, na mwingine uliokatiza kwa upana ulikuwa karibu kuachia. Lakini Dobi alipokishika kipande kilichokuwa kati ya mikunjo, akakivuta kwa nguvu zake zote za kukamua mablanketi, hakikuchanika. Akampa Fundi. Fundi akavuta. Kisha akakiweka shavuni. Ule ubaridi wake wa kigeni ulikuwa umetoka pamoja na wanga, na kilichobaki kilikuwa laini bila kuwa kimelegea.

"Kumbe kipo kilichodumu," akasema.

Akalipeleka nyumbani, akakata vipande vyote vilivyokufa, akavitupa. Vilivyobaki aliviunganisha kwa mshono bapa, ule wa kulaza kingo zote mbili ndani ili usimkwaruze mtu. Shuka likawa dogo kidogo kuliko zamani, na mshono mmoja ukapita katikati kabisa. Foronya, kwa kuwa hazikutiwa wanga, zilipona zote.

Siku ya kuhamia kwa Dobi, Fundi alitandika mwenyewe. Chini akaweka yale meupe ya pamba iliyochanwa, yametulia, hayana makuu. Juu akaweka lile la nyuzi ndefu. Dobi akasimama mlangoni na shuka lake la uji mkononi, anatafuta pa kulipeleka.

"Na hili langu?"

"Lete. Pamba fupi inanyonya maji vizuri. Nitalikata matambara, utajifutia mikono badala ya kujipangusa kwenye suruali."

Dobi akajifanya amekasirika, kisha akakaribia kitanda, akapitisha kidole juu ya ule mshono wa katikati.

"Hii nini?"

"Mpaka," Fundi akasema. "Huku kwangu, huko kwako."

"Na mtu akivuka?"

"Inategemea amevuka na nini. Akija na miguu ya baridi, atarudishwa."

Shuka lile walilifua kila wiki, likawa linalegea vizuri zaidi kadiri lilivyofuliwa, na mshono haukuachia. Wateja walipouliza pamba ipi bora, Fundi aliendelea kuwaambia ni ile ya nyuzi ndefu, kwa wenye uwezo, na iliyochanwa kwa wengine wote, na ya kuchambuliwa tu kwa taulo na blanketi za baridi. Ila sasa, alipokuwa anawafungia, aliwauliza pia watalitandika shuka lini. Mmoja alijibu kwamba atalihifadhi kwanza. Fundi akalifungua furushi, akalikunja shuka upya mbele yake, mikunjo isiangukie pale pale, akamwambia atakapolifua asilitie wanga.