Chuma Kilichotaka Kulala

Mama mkwe wangu, Abiba, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule ninayofundisha hesabu, hapa Isiolo. Sikupanga iwe hivyo. Nilimpenda mwanawe kwanza, kazi ikaja baadaye, na siku ya kuripoti nikamkuta ofisini, akanitazama vile anavyotazama maziwa ya ngamia yaliyoletwa sokoni na mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo, shuleni hata nyumbani, hajawahi kuniita Falis. Ananiita Mwalimu.

Nyuma ya maabara kuna sakafu ya saruji iliyobaki baada ya banda moja kubomolewa. Mama Abiba aliitaka iwe ya tangi la maji, maana maji shuleni hubebwa kwa madumu. Mimi niliitaka iwe saa ya jua, inayosoma wakati kwa kivuli, wasichana wangu wa darasani waione tanjenti ikitembea mchana kutwa badala ya kuikariri. Nafasi ya tangi ilikuwepo kando ya jikoni, lakini nani angekubali kumwaga saruji mpya na hii ipo? Tulibishana mpaka chai ikapoa.

"Sawa, Mwalimu," alisema mwishowe. "Siku ya wazazi nakuja mwenyewe. Hiyo saa yako ikisema ukweli, simenti ni yako. Ikidanganya, Jumatatu tangi inapanda."

Nilitoka pale nikitembea kwa madaha kama bibi harusi. Kitabu nilikuwa nacho, na kanuni ni mbili tu. Ya kwanza, pembe ya chuma kinachotupa kivuli ni sawa na latitudo ya mahali. Ya pili, tanjenti ya pembe ya kila mstari wa saa ni sini ya latitudo mara tanjenti ya pembe ya jua, na jua hutembea digrii kumi na tano kila saa, ukihesabu kutoka saa sita mchana. Isiolo tuko kaskazini ya ikweta kwa thuluthi moja ya digrii na ushee. Nikachora, nikampelekea Achuka, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kiwanjani.

Achuka aliugeuza mchoro, akaugeuza tena.

"Mwalimu, hii ni nini? Umeniambia pembetatu. Hii ni kisu."

"Ndiyo pembe yake. Thuluthi ya digrii."

"Kwa kitabu chuma imesimama."

"Kwa kitabu ni Ulaya! Huko latitudo ni hamsini na mbili. Hapa ni Isiolo. Wewe chomelea."

Akachomelea, maana mteja akishaanza kupaza sauti Achuka hana ubishi. Tukakibeba kile kisu mpaka shuleni, tukakilaza kwenye mstari wa kaskazini. Kaskazini nilikuwa nimeshaipata kwa kijiti na duara: asubuhi unatia alama kivuli kinapogusa duara, alasiri unatia nyingine, na katikati ya alama hizo ndiko kwenyewe. Kisha nikapiga magoti na chaki, nikaanza kuchora mistari.

Jamani! Mistari yote, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, iliingia ndani ya upana wa vidole vitatu. Ya saa kumi na mbili peke yake ndiyo iliyokimbilia pembeni. Na kivuli chenyewe hakikuwepo, kwa sababu chuma kilichojilaza chini kitatupa kivuli wapi?

Achuka aliketi kwenye debe la rangi, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mwalimu, umechora fagio."

Nilikasirika kweli. Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea, na mara zote tatu nilikuwa sahihi, jambo ambalo liliniuma zaidi. Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Nikakitazama kile chuma kwa chuki. Kanuni inataka kilale, nikajiambia. Mbona kinataka kulala? Kwa sababu lazima kielekee pale mbingu inapozungukia, na kwetu sisi pale ni kwenye upeo wa macho, karibu kabisa na ardhi. Kwa hiyo kilale. Lakini nani amesema kilale juu ya saruji?

"Kinyanyue!" nilipiga kelele.

"Nani?"

"Chuma! Kilale hewani! Nataka nondo, na nguzo mbili za kuishikilia!"

Nadhani Achuka aliamini nimepatwa na jua, ila aliifuata nondo mbio. Tuliiinua kwa sentimita thelathini, ikielekea kaskazini. Kwa ile thuluthi ya digrii, akatia washa, vile vipete bapa vya chuma vya mafundi, chini ya ncha ya kaskazini, ikapanda milimita sita katika mita moja ya nondo. Na mistari ikafunguka! Haikutoka tena sehemu moja, ililala sambamba na nondo kama matuta shambani Burat. Umbali wa kila mstari kutoka katikati ni kimo cha nondo mara tanjenti ya pembe ya jua. Saa tano na saa saba, sentimita nane. Saa tatu na saa tisa, digrii arobaini na tano, thelathini kamili, sawa na kimo cha nondo. Wasichana walipoliona hilo walipiga vigelegele, nami nikavipiga pamoja nao. Saa moja na saa kumi na moja zilikwenda mita moja na ziada, karibu na ukingo wa saruji.

"Na saa kumi na mbili jioni?" Achuka akauliza.

"Hiyo inapita Garissa bila kusimama."

Alipolinganisha na simu yake, akaacha kucheka. Saa yetu ilikuwa nyuma kwa nusu saa. Nikamweleza kwamba saa ya Kenya hufuata jua la mbali huko mashariki, upande wa Mogadishu, na kwetu jua hilo huchelewa kama dakika thelathini.

"Basi sogeza mistari, Mwalimu. Mama ataangalia simu."

Alikuwa na haki, na mistari ingesogezeka. Lakini nilikataa. Saa ya jua iseme jua, nikamjibu.

Ijumaa Mama Abiba alifika mchana na wazazi nyuma yake. Kivuli cha nondo kilikuwa juu ya mstari wa katikati, kimenyooka. Akatoa simu.

"Mwalimu, hapa imeandikwa saa ngapi?"

"Saa sita, Mama."

"Simu inasema saa sita na nusu. Saa yako imedanganya."

Nikaanza kueleza habari za Mogadishu, nikaona nyuso za wazazi zikilegea, tayari kunihurumia. Achuka alitazama viatu vyake.

Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza mjini. Mama Abiba aliinua mkono ninyamaze. Akatazama kivuli. Kilikuwa ndio kwanza kinauacha mstari wa saa sita, kwa upana wa kucha, kikielekea upande wa alasiri. Yeye, aliyeingoja adhuhuri maisha yake yote, sala inayoingia jua likishavuka utosi, hakuhitaji hesabu yangu.

"Jua limepinduka," akasema polepole. Akairudisha simu mkobani. "Hii ya mkononi ndiyo imekimbia."

Wazazi wakacheka, Achuka akarusha kofia juu, nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Mama Abiba aliinama, akaigusa ile nondo iliyolala hewani, kisha akakunja mikono ya dera lake.

"Falis," akasema, "niletee maji ya udhu."

Nilikimbia mpaka jikoni, nikatikisa madumu yote, na tone halikuwemo hata kwenye moja.