Kazi Ambayo Haikutangazwa

Latifa alisoma barua hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena mstari mmoja, kisha akaficha mdomo kwa kiganja ili asicheke mbele ya mgeni.

"Dada, samahani. Diplome yako iko ya laboratwari, sivyo?"

"Ndiyo. Fundi sanifu wa maabara."

"Basi mbona hapa unaomba poste ya comptable?"

Naomie Niyonkuru aliichukua karatasi. Kweli, neno lilikuwapo, mhasibu kwa Kifaransa, wazi kama jicho la samaki. Barua ile ilikuwa imechapwa na Aristide, kijana wa secrétariat public, kibanda cha kuchapia watu barua, karibu na soko la Rumonge, ambaye aliwahifadhia watu wote barua moja ndani ya kompyuta yake. Kila mteja mpya alibadilishiwa jina na tarehe. Safari hii Aristide alibadilisha jina, akabadilisha tarehe, na kazi ya mteja aliyetangulia akaisahau palepale.

Naomie asingeligundua upesi. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akasoma huko, akapata stashahada yake huko, na akafanya kazi mwaka mmoja na kitu katika maabara ya kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida kabla ya kuwafuata wazazi wake waliokuwa wamekwisha kurudi Burundi. Sasa alikaa kwa dada yake, mtaa wa Kanyenkoko. Ekivalansi ya diplome, hati ya kuitambua Burundi, alikuwa ameipata baada ya kusotea ofisi za Bujumbura. Kazi ndiyo haikuonekana. Hospitali ziliwataka waliosomea kupima damu. Yeye alisomea kupima vitu.

"Nitairudisha aisahihishe," alisema, na masikio yake yakawaka moto.

Latifa alikuwa katibu wa kiwanda cha mafuta ya mawese cha Nyamibu, mtoto wa Rumonge, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani na sauti isiyoharakishwa na mtu. Alimtazama yule binti, akamhurumia.

"Hata akisahihisha, nikwambie ukweli? Hatukutangaza kazi. Barua kama hizi zinakuja kila wiki. Zote zinaanza na 'nina heshima ya kuomba', zote zinamalizia na heshima. Mimi naziweka ndani ya ile classeur, na hakuna anayeifungua. Directeur anakaa Bujumbura. Kama unataka isomwe, iandikie mtu ambaye iko na shida hapa. Chef de production, Bwana Nestori, anayesimamia ukamuaji." Akashusha sauti. "Masikini, kichwa kinamuuma. Wale wa Bujumbura wanaosafisha mafuta ya kula wamemrudishia mapipa. Wamesema acide imezidi."

Naomie alirudi mjini akitembea kama mtu aliyeokota kitu. Acide! Hilo alilijua. Tunda la mchikichi likipondeka na kulala bila kuchemshwa, mafuta yake huanza kuharibika ndani kwa ndani. Kila saa inayopita huongeza ukali, ndiyo hiyo acide. Singida alikuwa akiupima ukali huo kila asubuhi, ingawa katika alizeti.

Usiku ule hakuandika. Aliandika kesho yake mchana, uani kwa dada yake, na aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyofikiria nayo. Halafu akampelekea Aristide ampe Kifaransa chake.

"Hii si barua," Aristide alilalamika. "Heshima iko wapi? Unaanza tu na mapipa?"

"Heshima weka mstari mmoja. Mengine usiguse. Na comptable asiingie tena."

Aristide, ambaye alikuwa ameomba radhi mara kadhaa kwa kosa lile, alichapa bila kutoza kitu.

Naomie aliifikisha Nyamibu akiwa na nakala ya pili, apigiwe muhuri wa kupokewa. Latifa alichukua muhuri, kisha, kama kawaida yake, akasoma kwanza. Safari hii hakucheka. Mkono wenye muhuri ulibaki hewani.

"'Kwa kuwa mapipa yenu yamerudishwa kutoka Bujumbura...' Dada. Nani alikwambia?"

Naomie aliinua macho kumtazama yeye.

"Ni mimi," Latifa alisema. "Bwana Nestori akisoma hii, atauliza imetoka wapi, na ofisini tuko wawili, mimi na yeye. Nina watoto, dada yangu. Nilikwambia kama mtu na mdogo wake."

Aibu ya siku ile ilizidi ile ya comptable. Ya kwanza ilikuwa kosa la Aristide, lakini hii ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amelitwaa neno aliloambiwa kwa wema akaligeuza ngazi ya kupandia.

"Nipe, dada Latifa. Nisamehe. Habari hiyo haitaingia."

"Ukiitoa, barua itabaki na nini?"

Naomie aliichukua barua yake. Alitoka nje akasimama ng'ambo ya barabara ya Nyanza-Lac, kwenye kivuli cha ukuta, huku mabasi madogo yakipita na honi zao. Upande wa pili, mbele ya geti la kiwanda, mikungu ya chikichi ilikuwa imerundikwa chini juani. Mingine ilikuwa imara na yenye kung'aa. Mingine ilikwisha kuachia matunda yake, nayo yalikuwa laini, yamepasuka, na nzi wameyakalia. Wanawake wawili walikuwa wakiyakusanya kwa beseni na kuyatupia fungu lilelile. Alikaa pale kitambo kirefu. Alichokiona hapo hakuambiwa na mtu. Mwenye macho yeyote apitaye barabarani angekiona.

Barua ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Baada ya mstari wa heshima ilisema hivi:

"Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Najua hamkutangaza nafasi. Nakuandikia kwa sababu nimeona mbele ya geti lenu mikungu mipya na matunda yaliyokaa yakiingia fungu moja, na kazi niliyokuwa nikifanya Singida ilikuwa kupima ukali wa mafuta na maji yaliyomo kabla hayajauzwa. Sijui mnapimaje sasa. Naomba nafasi ya kuja kukueleza kwa muda mfupi kipimo hicho kinahitaji nini na kinaweza kuwasaidia wapi. Nimeambatanisha wasifu wangu, nakala ya diplome na ya ekivalansi, na namba ya shefu wangu wa zamani, ambaye amekubali kuulizwa. Nitapiga simu wiki ijayo."

Latifa alisoma, akapiga muhuri kwenye nakala zote mbili. "Hii nitamwekea mezani mwenyewe," alisema. "Amahoro, dada," akamuaga kwa Kirundi.

Wiki iliyofuata Naomie alipiga simu kama alivyoahidi. Nestori alikuwa mzaliwa wa Uvira, upande wa Kongo, aliyevuka zamani na kuoa Rumonge. Alijibu kwa mkato: aje asubuhi, asichelewe.

Alimkuta amesimama kando ya mapipa ya kuchemshia, shati limelowa jasho. Mtu mnene, macho mekundu kwa moshi.

"Niseme kwanza: sina poste. Ile ndiyo kweli. Sitaki urudi nyumbani unasema Nestori alikudanganya."

"Nimeelewa, shefu."

"Sasa, barua yako. Unafikiri sijui tunda ikikaa inaharibika? Baba yangu alikuwa anakamua mawese. Wakulima wanaleta siku ya soko, wote pamoja. Na mimi siwezi kuchemsha kila siku: tunda ikichemshwa lazima ikamuliwe ikiwa moto, na mazutu ya mashine ya kukamua hakuna, naingoja mupaka Bujumbura itume. Utaniambia nini hapo? Nikamue na maombi?"

Naomie alihisi barua yake ikiwa nyepesi kama unyoya. Hakuwa amefikiria mazutu, yaani dizeli. Kule Singida umeme ulikuwa ukiwashwa tu.

"Hilo sikulijua," alisema. "Nilidhani ni kupanga vibaya."

Nestori alimtazama upya, kama mtu aliyezoea kubishiwa. "Na nani alikuambiaka habari ya acide yetu?"

Naomie angeweza kusema hakuna mtu. Barua haikutaja acide ya kiwanda, wala mapipa.

"Shefu, kuna jambo nililisikia, na nilikuwa nimeliandika. Nikalitoa, kwa sababu halikuwa langu kulisema. Nilichokiacha ni nilichokiona mwenyewe barabarani. Ukiniuliza nilisikia kwa nani, naomba nisijibu."

Mtu mmoja aliongeza kuni chini ya pipa. Kisha Nestori akaguna, na mguno ukageuka kicheko.

"Kamioni ilirudi na mapipa mchana kweupe, ikakwama mbele ya soko! Rumonge muzima wanajua. Hata wavuvi wananipa pole." Akafuta uso. "Lakini vizuri. Mutu wa kupima mafuta anajua siri ya kiwanda. Akiwa na mudomo, tumekwisha."

Waliongea wakiwa wamesimama. Naomie, sasa kwa uangalifu, alisema kwamba kama haiwezekani kuchemsha kila siku, basi angalau matunda ya zamani yachemshwe peke yake, na kila pipa lipimwe: lenye ukali mdogo liende kwa wa mafuta ya kula, lenye ukali mwingi liuzwe kwa watengeneza sabuni, ambao ukali hauwasumbui sana. Nestori alisema tayari anatenganisha kwa kunusa na kwa jicho. Naomie akasema pua ni nzuri, ila mnunuzi hanunui pua. Nestori akacheka tena, akamwambia aandike vifaa vinavyohitajika kwenye ukurasa mmoja, ampelekee directeur.

Jibu la directeur lilikuja kupitia kwa Latifa: nafasi mpya haipo mwaka huu, murakoze, asante, maombi yamehifadhiwa. Naomie alilia kidogo, akaosha uso, akaendelea kumsaidia dada yake kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Nestori alikuwa amemwambia ukweli tangu mwanzo, na hilo lilimpunguzia uchungu, ingawa halikuumaliza.

Mavuno yalipopamba moto, simu ililia. Nestori alikuwa amembana directeur: mnunuzi wa Bujumbura amekubali kujaribu tena, lakini kila pipa lije na cheti cha kipimo. Mkataba ungekuwa wa msimu tu, na karatasini wangemwandika kibarua wa mapokezi ya matunda.

"Nitakuja," Naomie alisema. "Ila naomba waandike fundi wa maabara. Msimu ukiisha, nikiomba kazi kwingine, nitahitaji neno hilo."

"Utanigombanisha na Bujumbura kwa neno?"

"Ndiyo, shefu."

Nestori alivuta pumzi ndefu kwenye simu. Neno liliandikwa.

Chumba walichompa kilikuwa stoo ya majembe, na Latifa alileta pazia la kuzuia vumbi. Naomie alipima mafuta kidogo kwenye mizani, akayayeyusha katika alkoholi ya moto, akatia matone ya kiashiria, kisha akafungua bureti, ule mrija wa kupimia, soda kali ya maabara ikaanza kudondoka tone kwa tone huku akitikisa chupa juu ya karatasi nyeupe. Mawese yenyewe ni mekundu, na rangi hafifu ya waridi anayoitafuta, inayoonyesha kwamba kipimo kimetimia, hujificha ndani yake. Ndiyo maana alichukua mafuta machache na alkoholi nyingi. Waridi ilitokea, ikatoweka. Ikatokea tena, ikabaki.

Alipiga hesabu, akairudia. Pipa la kwanza, ambalo Nestori alikuwa amelinusa na kulisifu asubuhi ile, lilikuwa limevuka kiwango cha mnunuzi.

Nestori alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Eh?"

"Hili ni la sabuni, shefu."

Naomie aliona jinsi jibu hilo lilivyomwingia Nestori, akatamani lingekuwa jingine. Kisha Nestori akachukua chaki mfukoni, akaenda kulichora pipa mwenyewe, na kutoka uani akapaza sauti:

"Leta la pili!"